Kuandika storibodi kwa maneno: makanga, chenji na kamera isiyoruka mstari

Mchoraji ninayefanya naye kazi anaishi Kisumu, nami niko Nairobi. Mara nyingi hatuonani mpaka mradi uishe. Ninachompelekea ni storibodi ya maneno, yaani mpango wa picha za filamu ulioandikwa kwa maandishi matupu, fremu baada ya fremu, naye anachora anachokisoma. Hakioni kilicho kichwani mwangu. Miaka ya mwanzo alikuwa akinipigia simu kila baada ya fremu tatu: "Dada, hapa nani anamtazama nani?" Siku hizi anapiga mara moja tu, kuuliza malipo yanaingia lini.

Nitaonyesha namna ninavyoandika kwa kutumia onyesho moja dogo. Rehema anashuka kwenye matatu. Alilipa kwa noti ya mia tano, nauli ni themanini, kwa hiyo anadai mia nne na ishirini. Makanga anamwambia angoje, halafu gari linaondoka. Basi, hakuna zaidi. Lakini humo mna karibu kila kosa ninalolijua la storibodi ya maneno.

Kwanza, panga uwanja kabla ya kuandika fremu hata moja

Chukua karatasi uchore onyesho kama linavyoonekana na ndege aliye juu: barabara, ukingo wa watembea kwa miguu, gari, watu. Mchoro huu si wa kumpelekea mtu, ni wako. Weka mshale kuonyesha gari linaelekea wapi, na duara kwa kila mtu.

Kenya tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo mlango wa abiria wa matatu uko ubavu wa kushoto wa gari, upande wa ukingo. Sasa jiweke ukingoni, utazame mlango huo uso kwa uso. Pua ya gari iko mkono wako gani? Kushoto. Daima kushoto. Fremu yoyote inayoonyesha mlango wa matatu kutoka ukingoni lazima iwe na gari linaloelekea kushoto kwa picha. Ukiandika "matatu inaingia ikielekea kulia, mlango unafunguka mbele yetu", umeandika gari ambalo halipo Nairobi.

Nilijifunza hili kwa aibu. Kwenye kazi moja nilitaka gari lielekee kulia kwa sababu tu niliona linapendeza hivyo, na mchoraji wa wakati huo, badala ya kuchora upya, akaigeuza picha kama kwenye kioo. Abiria wakawa wanashukia upande wa dereva, katikati ya barabara. Mwenye kazi alikuwa mtu wa matatu tangu ujana wake. Alicheka mpaka akaomba maji.

Kama hadithi yako ni ya zamani, amua mapema pia gari linafananaje. Mstari wa manjano ubavuni ulikuja na kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004. Hadithi ya miaka ya tisini haiwezi kuwa nao. Liandike hilo mara moja mwanzoni mwa onyesho, usilirudie kila fremu.

Halafu chora mstari kati ya watu wawili wanaozungumza. Makanga yuko mlangoni, Rehema amesimama ukingoni mbele ya mlango, kwa hiyo mstari unatoka kwenye gari na kukata ukingo. Kamera ina pande mbili za kuchagua. Ikikaa upande wa mbele ya gari na kutazama nyuma, makanga ataonekana kushoto kwa fremu na Rehema kulia. Ikikaa upande wa nyuma ya gari, wanabadilishana: Rehema kushoto, makanga kulia. Chagua upande mmoja ukae nao. Ukichanganya, fremu moja Rehema anatazama kushoto, inayofuata anatazama kulia, na mtazamaji anadhani amegeuka kumpa makanga kisogo.

Mimi nimechagua upande wa mbele, na sababu ni fremu ya tano: gari likiondoka litakuja upande wa kamera na kutokea kushoto kwa picha, kule kule pua yake ilikokuwa ikielekea katika fremu ya kwanza. Mwendo unabaki mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Lugha ya ndani ya fremu

Kiswahili kinatupa zana nzuri hapa, na pia mitego miwili.

Zana ni viambishi vya wakati. "Rehema amesimama" na "Rehema anasimama" ni picha mbili tofauti kabisa: katika ya kwanza yuko wima tayari, katika ya pili anainuka. "Amevaa koti" na "anavaa koti" ni vivyo hivyo. Kwa hiyo ninatumia -me- kwa kila kitu kilicho tayari fremu inapofunguka, na -na- kwa kile kinachotokea ndani yake. Mchoraji wangu ameshazoea: akiona -me- anachora mkao, akiona -na- anachora mshale wa mwendo. Kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja natumia -ki-: "makanga anahesabu noti akitazama barabara."

Neno "kisha" nalichunga. Likionekana mara moja katika fremu, napunguza mwendo nilisome tena. Likionekana mara mbili, hiyo si fremu moja. Mchoro hauwezi kumwonyesha mtu akishuka, kisha akigeuka, kisha akinyoosha mkono. Ama ugawe fremu, ama uchague tendo moja na mengine uyaache yaeleweke.

Mtego wa kwanza ni viwakilishi vyetu. "Anamtazama, naye anampa" haisemi chochote kwa mtu ambaye hakuwepo. Hatuna namna ya kutofautisha mwanamume na mwanamke katika a- na m-, basi andika majina, hata yakirudiwa mpaka sentensi isikie uzito. Huku si kwenye riwaya. "Rehema anamtazama makanga" inatosha na haimchoshi anayechora.

Mtego wa pili ni kushoto na kulia. "Rehema yuko kulia" ni kulia kwa nani? Kanuni yangu ni fupi: "kushoto kwa fremu" ni upande wa picha kama anayeitazama anavyouona, "mkono wake wa kushoto" ni kiungo cha mwili wa mhusika. Sitaji kushoto wala kulia bila mojawapo ya maneno hayo. Rehema amebeba kiondo mkono wake wa kushoto. Kamera ikiwa mbele ya gari na yeye akimkabili makanga, mkono huo wa kushoto ndio ulio upande wetu. Kiondo kitakuwa karibu nasi na mkono wa kulia anaounyoosha utakuwa ng'ambo ya mwili. Kama hukuchora ule mchoro wa ndege, jambo hili huwezi kuligundua ukiwa umekaa mezani. Mchoraji atachora mkono wa kulia uliotupwa mbele ya kila kitu, na kiondo kitahama mkono bila kubebwa.

Fremu zenyewe

Kila fremu naipa namba ya onyesho na ya fremu. Naanza na ukubwa wa picha na mahali pa kamera, kisha nani yuko wapi, kisha kinachotokea. Mwisho naweka mstari mmoja wa "Inaishia", yaani hali ambayo fremu inayofuata itaipokea. Nikiona maelezo yamezidi maneno sitini hivi, najiuliza kama sijaficha fremu ya pili humo ndani.

Fremu 3-1. Picha ya mbali, watu wanaonekana mwili mzima. Kamera imesimama ukingoni, inatazama mlango wa matatu uso kwa uso, usawa wa kifua. Matatu imesimama, pua kushoto kwa fremu. Makanga ameinama mlangoni. Rehema, kiondo mkono wake wa kushoto, anakanyaga chini akija upande wetu. Inaishia: Rehema ameshuka, anaanza kugeukia mlangoni.

Fremu 3-2. Watu wawili, kuanzia chini kidogo ya kiuno. Kamera imehamia mbele ya matatu, bado ukingoni, usawa wa macho ya Rehema. Makanga yuko kushoto kwa fremu, juu, amesimama kwenye ngazi ya mlango. Mkono wake wa kushoto umeshika juu ya mlango, wa kulia una noti. Rehema yuko kulia kwa fremu, chini. Rehema anamalizia kugeuka, ananyoosha mkono wake wa kulia. Rehema: "Chenji yangu." Makanga: "Ngoja kidogo, madam." Inaishia: mkono wa Rehema umenyooshwa.

Fremu 3-3. Picha ya karibu sana: mkono wa kulia wa makanga. Noti zimekunjwa kwa urefu, zimebanwa katikati ya vidole. Kidole gumba kinahesabu, kinasita. Nyuma, kulia kwa fremu, kiondo kinaonekana kwa ukungu. Inaishia: kidole kimetulia.

Fremu 3-4. Picha ya karibu: uso wa Rehema, kutoka kifuani kwenda juu. Rehema yuko theluthi ya kulia ya fremu, anatazama kushoto kwa fremu na juu kidogo. Theluthi mbili za kushoto ni wazi, ubavu wa gari umefifia nyuma. Sauti, kutoka nje ya picha: bati linapigwa mara mbili. Inaishia: macho ya Rehema yamepanuka.

Fremu 3-5. Kamera mahali pale pale pa 3-2, lakini picha ni pana zaidi, watu mwili mzima. Makanga ananing'inia mlangoni, kiganja chake cha kushoto kiko juu ya paa. Matatu inakuja upande wetu na kutokea kushoto kwa fremu. Rehema amebaki kulia kwa fremu, mkono bado umenyooshwa. Inaishia: matatu imetoka, Rehema peke yake.

Fremu 3-6. Picha ya karibu sana: kiganja cha kulia cha Rehema, kitupu, kimeelekea juu, vidole vinaelekea kushoto kwa fremu. Mkono wa sweta umefika kwenye kifundo. Kata ya kufanana kwenda 4-1.

Kwa nini fremu zimekaa hivyo

Tazama 3-1. Kamera inatazama mlango uso kwa uso, yaani imekaa juu ya ule mstari wenyewe wa Rehema na makanga. Hapo hakuna aliye kushoto wala kulia kwa mwenzake. Fremu ya namna hii ni kama njia panda: baada yake unaweza kwenda upande wowote bila kumpoteza mtazamaji. Ndiyo maana naipenda kuwa ya kwanza, na nikilazimika kuvuka mstari katikati ya mazungumzo, huwa naweka nyingine kama hiyo kabla ya kuvuka. Njia nyingine halali ni kamera kuvuka ikionekana inatembea, au mhusika mwenyewe kuhama mbele ya macho yetu.

Katika 3-2 jambo kubwa ni urefu. Makanga yuko kwenye ngazi, Rehema yuko chini, naye ndiye anayedai. Anayedai haki yake analazimika kuinua macho. Sikuandika "kamera inaonyesha unyonge wa Rehema", maana mchoraji hawezi kuchora unyonge. Nimeandika usawa wa macho ya Rehema na ngazi ya mlango. Vilevile sikuandika "kuanzia magotini". Picha ikikata mwili kwenye kiungo (goti, kiwiko, shingo), mtu anaonekana kama amekatwa kweli. Kata kati ya viungo: chini kidogo ya kiuno, katikati ya paja, kifuani.

Kutoka 3-1 kwenda 3-2 tumebadilisha picha Rehema akiwa katikati ya kugeuka. Kugeuka kumeandikwa mara mbili kwa makusudi: kunaanza kwenye "Inaishia" ya 3-1 na kumalizika ndani ya 3-2. Jicho la mtazamaji linafuata tendo, halioni kamera imehama. Waandishi wengi wanamaliza tendo lote katika fremu ya kwanza, halafu ya pili inaanza na mtu ametulia kama sanamu. Ukisikia mtu wa uhariri analalamika kwamba picha "zinaruka", mara nyingi ni hapo, au ni kamera iliyosogea kidogo tu bila ukubwa wa picha kubadilika. Ukihamisha kamera, ihamishe kwa angalau nyuzi 30, au badilisha ukubwa wa picha waziwazi. Katika 3-5 kamera imerudi mahali pa 3-2, ndiyo sababu nimeipanua picha. Na kwa kuwa 3-3 na 3-4 zimeingia katikati, kurudi huko hakusumbui.

Katika 3-4 nafasi iliyo wazi mbele ya uso wa Rehema si mapambo. Anatazama kushoto na juu kwa sababu makanga alikuwa kushoto na juu katika 3-2. Ukimweka Rehema theluthi ya kushoto akitazama kushoto, uso unagonga ukuta wa fremu na mtazamaji anaanza kujiuliza nyuma yake kuna nini. Wakati mwingine unataka swali hilo. Hapa hatulitaki.

Mpito: andika tu usio wa kawaida

Kati ya fremu hizi, sijaandika "kata" hata mara moja isipokuwa mwisho. Kata, yaani picha moja kuisha na nyingine kuanza papo hapo, ni hali ya kawaida. Mchoraji na mhariri wanajua hivyo. Ninachoandika ni kile ambacho wasingekikisia.

Cha kwanza ni sauti inayotangulia. Bati linapigwa mara mbili katika 3-4, wakati mkono unaopiga haujaonekana. Kila anayepanda matatu Nairobi anajua maana yake: dereva, twende. Rehema anajua kabla yetu, tunasoma usoni mwake, halafu 3-5 inathibitisha. Ningeonyesha mkono kwanza, uso wake ungekuwa wa kuchelewa. Sauti ya namna hii lazima iandikwe na chanzo chake, "kutoka nje ya picha", la sivyo mchoraji atakuongezea mkono ambao hukuuomba.

Cha pili ni kata ya kufanana: umbo lile lile linaunganisha picha mbili.

Fremu 4-1. Picha ya karibu sana: kiganja cha kulia cha Rehema mahali pale pale pa 3-6, ukubwa ule ule, vidole kushoto kwa fremu. Sasa kiko juu ya kaunta ya duka, mwanga ni wa balbu kutoka juu. Mkono wa mwenye duka unaingia kutoka kushoto kwa fremu, unaweka pakiti ya unga. Rehema, sauti: "Niandikie tu, baba."

Hapa muda umepita na hatukuhitaji kufifisha picha wala kuandika "baadaye" kwenye skrini. Umbo moja limebeba saa kadhaa. Lakini kazi yake inategemea maneno "mahali pale pale, ukubwa ule ule". Ukiandika "mkono wa Rehema dukani", mchoraji atakupa mkono mzuri, mdogo kidogo, umesogea kulia, na kufanana kumekufa. Kuyeyusha picha moja ndani ya nyingine nakuacha kwa kumbukumbu au safari ndefu, na kufifia hadi giza kwa mwisho wa sehemu. Mpito wa mbwembwe huwa unaficha fremu ambayo haikuandikwa.

Mwanga na saa

Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua linachwa saa 12 na nusu jioni hivi, na giza halichelewi. Saa 6 mchana jua liko juu sana na vivuli vinakuwa vifupi. Usiandike "vivuli virefu" kwenye onyesho la saa 7 eti kwa sababu vinapendeza. Onyesho la tatu nimeliweka saa 11 jioni, kivuli cha Rehema kirefu. Duka liko baada ya giza, ndiyo sababu ya balbu. Naandika "saa 11 jioni, jua bado lipo", kwa sababu kwenye timu daima yuko mtu anayesoma saa kwa Kiingereza, na akiona 11 atapanga taa za usiku.

Kagua kwa kurudi nyuma

Ukimaliza, usisome kutoka mwanzo. Hadithi itakubeba na hutaona kitu. Anza na fremu ya mwisho. Soma inavyofunguka, halafu nenda kwenye "Inaishia" ya iliyotangulia ulinganishe mambo manne tu: mikono ina nini, macho yanaelekea wapi, mwili uko upande gani wa fremu, mwanga unatoka wapi. Huhitaji jedwali; kidole kwenye skrini kinatosha.

Nilipokagua hizi nilikuta makosa mawili. La kwanza: sweta ilitajwa katika 3-6 peke yake. Kama Rehema ana sweta ya mikono mirefu hapo, anayo tangu 3-1, na mchoraji asingejua mpaka awe ameshachora fremu tano za mikono mitupu. Nikaipeleka 3-1.

La pili lilikuwa kiondo. Kipo mkono wake wa kushoto mpaka 3-5, katika 3-6 hakimo ndani ya picha, na 4-1 haikitaji kabisa. Mtu aliyetembea na kiondo hakiachi barabarani. Nikaongeza mstari mmoja kwenye 4-1: kiondo kimewekwa juu ya kaunta, kulia kwa fremu, mdomo wazi, kitupu.